Hesabu za duka hazilingani: dalili, chanzo na jinsi ya kurekebisha

Mlinganyo wenyewe ni mfupi: Mali = Madeni + Mtaji. Mali ni kila kilicho mikononi mwa duka: fedha taslimu, salio la simu, mzigo ulio rafuni, friji. Madeni ni sehemu ya mali hiyo ambayo watu wa nje wana haki ya kuidai, hasa muuzaji wa jumla. Mtaji ni kinachobaki kwa mwenye duka madeni yakishatolewa. Kila manunuzi, hata ya umeme wa shilingi 20,000, hugusa sehemu mbili au zaidi za mlinganyo huu, na ndiyo maana pande zake hubaki sawa. Zisipobaki sawa, kuna ununuzi ulioandikwa nusu au ulioandikwa vibaya. Zikibaki sawa na bado hesabu ikawa ya uongo, kosa ni la aina nyingine, na hilo ndilo huchukua muda mrefu kuonekana.

Tutatumia duka moja la rejareja la mfano, na mambo saba tu, ili kila dalili ipimwe kwenye tarakimu zilezile.

Daftari likiwa sawa linavyoonekana

Mwenye duka anaanza na shilingi 3,000,000. Ananunua friji ya 900,000 kwa fedha taslimu. Anachukua mzigo kwa mkopo kutoka kwa muuzaji wa jumla: mifuko 6 ya sukari ya kilo 50 kwa 130,000 kila mmoja, na madumu 5 ya mafuta ya kupikia ya lita 20 kwa 96,000 kila moja. Jumla ya mzigo ni 1,260,000. Kisha ananunua LUKU ya 20,000. Analipa sehemu ya deni, 500,000, kwa simu, na makato ni 3,500. Anapeleka nyumbani kilo 5 za sukari. Mwisho anauza kilo 100 za sukari kwa 3,000 kila kilo.

Katika jedwali hili, kila mstari unaonyesha kilichobadilika tu, wala si salio.

| Jambo | Fedha | Mzigo | Friji | Madeni | Mtaji |
|---|---|---|---|---|---|
| Kuanza | +3,000,000 | | | | +3,000,000 |
| Friji | −900,000 | | +900,000 | | |
| Mzigo kwa mkopo | | +1,260,000 | | +1,260,000 | |
| LUKU | −20,000 | | | | −20,000 |
| Kulipa deni | −503,500 | | | −500,000 | −3,500 |
| Sukari ya nyumbani | | −13,000 | | | −13,000 |
| Mauzo | +300,000 | −260,000 | | | +40,000 |
| Salio | 1,876,500 | 987,000 | 900,000 | 760,000 | 3,003,500 |

Mali zote ni 3,763,500. Madeni na mtaji kwa pamoja ni 3,763,500.

Angalia kwamba manunuzi hayana tabia moja. Friji imebadilisha umbo la mali tu: fedha zimetoka, friji imeingia, upande wa pili haukuguswa. Mzigo wa mkopo umekuza pande zote mbili. LUKU imepunguza pande zote mbili, kwa sababu umeme ukishatumika hauachi kitu cha kuhesabu, na mwenye duka ndiye anayebeba gharama. Kulipa deni si manunuzi kabisa, ingawa fedha zimetoka vilevile. Makosa mengi yanayofuata hapa chini yanatokana na kumpa jambo moja tabia ya jingine.

Ukitumia lahajedwali kwenye kompyuta, weka Fedha kwenye safu ya B, Mzigo C, Friji D, Madeni E, Mtaji F, na kwenye G andika:

```
=B2+C2+D2-E2-F2
```

Inakili kushuka hadi mstari wa mwisho. Kila mstari wa G lazima usome 0. Anayetumia daftari la karatasi afanye hesabu hiyohiyo kwa kikokotoo kila anapomaliza mstari. Kuipima jumla ya mwisho wa mwezi peke yake kunakuambia kwamba kuna kosa, lakini hakukuambii liko wapi. Kupima mstari kwa mstari hukupeleka palepale.

Dalili: pande mbili hazilingani

Kabla ya kupekua risiti zote, ichunguze tofauti yenyewe. Kuna vipimo vitatu, na vifanyike kwa mpangilio huu.

Kwanza, je, tofauti ni sawasawa na kiasi cha jambo moja lililomo kwenye daftari? Tuseme mali zimezidi kwa 1,260,000. Kiasi hicho ni mzigo wa mkopo. Mzigo ulipofika uliandikwa, pengine kwa kufuata hati ya kupokelea bidhaa, lakini ankara ilipokuja baadaye hakuna aliyeandika deni. Jambo limesimama kwa mguu mmoja. Dawa ni kuongeza madeni kwa 1,260,000, siyo kupunguza mzigo, kwa kuwa mzigo upo kweli.

Pili, gawanya tofauti kwa 2, kisha utafute nusu hiyo. Mali zikizidi kwa 1,800,000, hakuna jambo la kiasi hicho kwenye daftari letu, lakini nusu yake ni 900,000, bei ya friji. Aliyeandika aliongeza friji, na badala ya kupunguza fedha akaziongeza pia. Tofauti huwa mara mbili ya kiasi kwa sababu kilichotakiwa kutoka 900,000 kimeingia 900,000. Wanaotumia debiti na krediti hulijua kosa hili kama kuweka kiasi upande usio wake, na hupimwa kwa njia ileile.

Tatu, gawanya kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda tarakimu zimebadilishana nafasi. Malipo ya 503,500 yakiandikwa 530,500 kwenye safu ya fedha, huku deni na makato vikiwa sahihi, tofauti ni 27,000. Gawanya kwa 9 unapata 3,000. Ile 3 inakuambia zaidi ya hapo: tarakimu mbili zilizobadilishana zinatofautiana kwa 3, na zipo kuanzia nafasi ya maelfu. Tafuta kiasi chenye 0 na 3 zilizokaa pamoja, au 1 na 4, au 2 na 5. Sababu ni kwamba tarakimu ikisogea nafasi moja kwenda kushoto thamani yake huwa mara kumi, yaani huongezeka kwa mara tisa ya ilivyokuwa.

Kipimo hichohicho cha 9 hukamata sifuri iliyodondoka. LUKU ya 20,000 ikiandikwa 2,000 upande mmoja, tofauti ni 18,000. Igawanye kwa 9 na jibu, 2,000, ndicho kiasi chenyewe kilichoandikwa kimakosa. Tafuta 2,000 kwenye daftari utaiona.

Tahadhari moja. Vipimo hivi vinatoa washukiwa tu. Ile 1,260,000 ya kipimo cha kwanza inagawanyika kwa 2 na kwa 9 pia, na 1,800,000 inagawanyika kwa 9. Ndiyo maana mpangilio una maana: anza na kiasi kamili, kisha nusu, kisha tisa. Na makosa yakiwa mawili au zaidi, tofauti huwa mchanganyiko wao na hakuna kipimo kitakachoisoma. Hapo rudi kwenye safu ya G na upite mstari mmoja mmoja.

Usifanye jambo ambalo wengi hulifanya wakichoka: kuongeza mstari wa "marekebisho" wenye kiasi cha tofauti ili jumla zikubaliane. Tofauti ya 27,000 inaweza kuwa kosa la 500,000 upande huu na la 473,000 upande ule, na ukiifunika umefunika yote mawili. Kama ni lazima ufunge hesabu leo, iweke tofauti kwenye akaunti ya muda yenye jina linaloeleweka, na usiifunge akaunti hiyo mpaka chanzo kipatikane.

Dalili: mlinganyo uko sawa, lakini fedha zilizopo hazifiki

Tuseme daftari linasema 1,880,000. Hesabu fedha mahali zilipo: droo, salio la simu, benki. Ukipata 1,876,500, kuna upungufu wa 3,500. Safu ya G ni 0 kila mstari, kwa hiyo hakuna mguu uliopotea. Kilichopotea ni jambo zima.

Hapa mshukiwa wa kwanza ni makato. Aliyelipa deni aliandika 500,000 kutoka kwenye fedha na 500,000 kutoka kwenye madeni, na mstari ukalingana. Yale 3,500 ya kutuma hayakuandikwa popote, yakapunguza fedha halisi na kuacha za kwenye daftari. Fungua ujumbe wa muamala kwenye simu: kiasi kilichotumwa na makato huonyeshwa. Andika fedha −3,500 na mtaji −3,500. Makato ni gharama ya duka, kwa hiyo yasipunguze deni; muuzaji wa jumla amepokea 500,000, na kwake deni limeshuka kwa kiasi hichohicho.

Upungufu mdogo unaojirudia kila wiki mara nyingi ni wa aina hii: makato, nauli ya bodaboda aliyeleta mzigo, mifuko ya kufungia. Upungufu wa kiasi cha duara unaotokea mara moja, kama 50,000, mara nyingi ni fedha zilizochukuliwa na mwenye duka bila kuandikwa. Fedha zikizidi badala ya kupungua, tafuta mauzo ambayo hayajaandikwa, au mteja aliyelipa deni lake.

Dalili: unadaiwa zaidi kwenye daftari kuliko anavyosema muuzaji wa jumla

Kosa hili ndilo la kulishughulikia kwa makini kuliko yote, kwa sababu linatokea mara kwa mara na mlinganyo hauwezi kulifichua.

Siku ya kulipa ile 500,000, aliyeshika daftari anaona fedha zimekwenda kwa muuzaji wa sukari na mafuta. Anaandika "manunuzi 500,000": fedha −500,000, mzigo +500,000. Mstari unalingana. Jumla zinalingana. Mali zimebadilishana umbo kama ilivyokuwa kwa friji, na kwa mtazamo wa daftari hakuna tatizo.

Lakini mzigo ule ulishaandikwa siku ulipofika. Sasa umeandikwa mara ya pili. Na deni, ambalo ndilo lililolipwa, limebaki vilevile.

Namna ya kulithibitisha ni kuweka vitu viwili pamoja. Omba taarifa ya hesabu kwa muuzaji wa jumla, hata picha ya ukurasa wa daftari lake inatosha. Anasema unadaiwa 760,000. Daftari lako linasema 1,260,000. Tofauti ni 500,000. Kisha hesabu mzigo ulio rafuni kwa bei ya kununulia. Kwenye duka letu kuna kilo 195 za sukari, sawa na 507,000, na madumu 5 ya mafuta, sawa na 480,000. Jumla 987,000. Daftari linasema 1,487,000. Tofauti ni 500,000 tena.

Kiasi kilekile kikizidi kwenye mzigo na kwenye madeni kwa wakati mmoja, malipo ya deni yameandikwa kama manunuzi. Mzigo ungekuwa umeibwa, deni kwa muuzaji lisingehusika. Muuzaji angekuwa amekosea kwake, rafu isingepungukiwa. Ni vizuri kulijua hili kabla ya kumtuhumu kijana anayeuza dukani.

Marekebisho ni mstari mmoja: mzigo −500,000, madeni −500,000, na maelezo ya tarehe ya malipo na namba ya muamala. Usifute mstari wa zamani wala usiupake wino. Acha usomeke ili anayekagua aone kilichotokea.

Kuna kinyume chake pia: muuzaji anadai zaidi ya daftari lako. Hapo mara nyingi mzigo uliletwa, ukaingia rafuni, na haukuandikwa kabisa, si kama mzigo wala kama deni. Dalili yake ya pili ni rafu kuwa na bidhaa nyingi kuliko daftari, kwa kiasi kilekile. Ikiwa bidhaa hazipo rafuni na daftari halina deni, omba hati iliyosainiwa wakati wa kupokea kabla ya kukubali kulipa.

Dalili: rafu ina upungufu, madeni yako sawa

Ondoa kwanza sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni mauzo yaliyoandikwa nusu: fedha +300,000 na mtaji +300,000, bila kuondoa sukari ya 260,000 iliyotoka. Mstari unalingana, ila mzigo umezidi kwa 260,000 kwenye karatasi na faida inaonekana kuwa 300,000 badala ya 40,000.

Duka dogo haliwezi kuandika gharama ya kila kilo inayouzwa, na halihitaji. Andika mauzo yote ya siku kama fedha na mtaji, kisha mwisho wa mwezi uhesabu rafu na uondoe gharama kwa mara moja: mzigo wa mwanzo, ongeza manunuzi, toa uliochukuliwa nyumbani, toa uliobaki. Kwetu ni 0 + 1,260,000 − 13,000 − 987,000, sawa na 260,000. Mpaka hesabu hiyo ifanyike, faida ya daftari isiaminiwe. Na ujue kikomo cha njia hii: mzigo ulioibwa au kumwagika utaingia ndani ya ile 260,000 kana kwamba umeuzwa. Utaugundua kwa kulinganisha na mauzo. Kilo 100 kwa 3,000 zilitakiwa kuleta 300,000. Zikileta 276,000, kuna kilo 8 ambazo hazikulipiwa.

Sababu ya pili ni sukari ya nyumbani. Iandikwe kwa bei ya kununulia, 13,000, siyo ya kuuzia, kwani hakuna mauzo yaliyofanyika. Inapunguza mtaji, na hapo wengi huichanganya na gharama. Jumla ya mtaji itakuwa 3,003,500 kwa namna yoyote ile, kwa hiyo mlinganyo haujali. Anayejali ni anayesoma faida: duka limepata 40,000 kwenye sukari, limetoa 20,000 za umeme na 3,500 za makato, faida ni 16,500. Ukiweka sukari ya nyumbani kwenye gharama, faida inasomeka 3,500, na duka linaonekana halilipi wakati tatizo liko kwenye matumizi ya nyumbani.

Dalili: mtaji umeporomoka au umepaa ghafla ndani ya mwezi mmoja

Mtaji ukishuka kwa kiasi kinachofanana na bei ya kifaa, kifaa hicho kimeandikwa kama gharama. Friji ikiandikwa fedha −900,000 na mtaji −900,000, mstari unalingana, duka linaonekana limepata hasara kubwa, na friji inaunguruma pembeni bila kuwemo kwenye mali. Rekebisha: friji +900,000, mtaji +900,000. Baada ya hapo ipunguze kidogo kidogo kwa uchakavu. Ukikadiria itatumika miaka 5 bila kuacha thamani, ni 180,000 kwa mwaka, au 15,000 kila mwezi kutoka kwenye friji na kutoka kwenye mtaji.

Mtaji ukipaa, tafuta mkopo. Fedha za kikundi cha kukopeshana au za benki zikiingia na kuandikwa kama mauzo, mtaji huongezeka na deni halionekani. Hamisha kiasi chote: mtaji −, madeni +. Wakati wa kurejesha, gawa kila rejesho: sehemu ya mkopo wenyewe hupunguza madeni, riba hupunguza mtaji.

Dalili: tofauti inajitokeza kwenye ankara zenye kodi

Hili linawahusu waliosajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Ankara ya sabuni ya 1,180,000 ina mzigo wa 1,000,000 na kodi ya 180,000. Deni kwa muuzaji ni 1,180,000 yote, mzigo ni 1,000,000, na ile 180,000 ni mali nyingine, kwa kuwa utaitoa kwenye kodi uliyokusanya kwa wateja wako. Aliyeisahau ataona madeni na mtaji kwa pamoja vimezidi mali kwa 180,000. Ukishuku hivyo, zidisha tofauti kwa 118, gawanya kwa 18, kisha utafute ankara yenye jumla hiyo.

Duka ambalo halijasajiliwa halina safu hiyo. Kodi iliyomo kwenye bei haitarudi, kwa hiyo mzigo huandikwa kwa 1,180,000 kamili, na bei ya kuuzia ipangwe kuanzia hapo.